Hesabu Isiyofungwa: Kiitikio na Mizani katika Shairi la Mwaka wa Kwanza wa Unafuu, Mkoani Singida

Ikisiri

Makala haya yanachambua shairi la beti nane, "Mwaka wa Kwanza", lililotungwa na dada kwa ajili ya kaka yake aliyetimiza mwaka mmoja bila pombe, na kusomwa mbele ya kundi la kusaidiana la waraibu wa pombe mkoani Singida. Uchambuzi umeongozwa na mtazamo wa fasihi kama tukio. Swali kuu ni namna umbo la kimapokeo, ambalo kwa desturi hudai kufungwa, linavyobeba maisha ambayo hayawezi kutangazwa kuwa yamefungwa. Hoja inayotetewa ni kwamba shairi linafanikiwa kwa sababu limeweka uzito wake katika kiitikio ambacho kila aliyehudhuria angeweza kukitamka bila kusema uongo, na kwamba mshororo wake mmoja uliopungua mizani ni sehemu ya maana ya shairi.

1.0 Utangulizi

Katika mjadala wa uraibu nchini Tanzania, heroini imechukua nafasi kubwa. Huduma ya methadoni ilianza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011 na baadaye ikafika mikoa mingine. Nyumba za upataji nafuu nazo zimejulikana zaidi Zanzibar na mijini. Mraibu wa heroini anayetumia methadoni hufika kituoni kila siku, hunywa dozi mbele ya mhudumu, na siku zake huonekana katika daftari. Mraibu wa pombe hana dawa ya namna hiyo wala daftari hilo. Siku zake bila kunywa huthibitishwa na neno lake mwenyewe na masikio ya wanaomsikiliza. Kwa sababu hiyo, katika makundi ya kusaidiana ya waraibu wa pombe, lugha hutenda kazi ambayo kwingine hutendwa na kipimo.

Desturi ya makundi hayo ilianzia Akron, Ohio, mwaka 1935, walevi wawili walipogundua kwamba kuzungumza wao kwa wao kuliwasaidia kukaa bila kunywa. Mambo mawili ya desturi hiyo yanahusu uchambuzi huu. La kwanza ni kuhesabu: siku, miezi, kisha mwaka. La pili ni kutotaja majina nje ya kundi. Makala haya yameheshimu kanuni hiyo ya pili. Mtunzi, mtungiwa, kundi na kijiji havitajwi.

2.0 Mtazamo wa uchambuzi

Mulokozi (1989) anaiona fasihi simulizi kuwa tukio linalotawaliwa na mwingiliano wa fanani, hadhira, fani, tukio lenyewe, mahali na wakati. Ingawa "Mwaka wa Kwanza" liliandikwa kwanza na kusomwa kutoka karatasini, mtazamo huo unalifaa, kwa kuwa robo ya mishororo yake, yaani kiitikio, haikukusudiwa kusomwa na msomaji peke yake.

Uchambuzi unagusa pia mgogoro wa zamani wa vina na mizani. Amri Abedi (1954) aliziweka kanuni za utunzi wa kimapokeo katika maandishi, na kwa mtazamo huo mshororo uliopungua mizani ni kasoro. Mulokozi na Kahigi (1979) walipinga dai kwamba vina na mizani ndio uti wa mgongo wa ushairi. Shairi hili haliangukii upande mmoja. Limefuata kanuni katika mishororo 31 kati ya 32, na ni huo mmoja uliobaki unaolazimu swali hilo kuulizwa upya.

3.0 Uchambuzi wa shairi

3.1 Mwaka upi?

Shairi ni tarbia yenye mizani 16 kwa mshororo, nane katika ukwapi na nane katika utao. Linafunguka hivi:

Kaka yangu umekuja, mbele yetu hadharani,
Mwaka sasa ni mmoja, tangu utoke shimoni,
Twakupokea pamoja, kaa nasi mkekani,
Leo tu tumeamka, kesho haijawa yetu.

Ubeti huu unafanya kazi inayotarajiwa: unamwita mhusika, unataja muda na kumkaribisha. Sitiari ya shimo ni ya kawaida mno katika mazungumzo ya ulevi, na kama itakavyoonekana, haiendani na shairi lenyewe. Lakini msikilizaji anapewa hapa swali bila kujua kwamba amepewa. Mwaka unahesabiwa "tangu utoke shimoni". Ni lini huko? Ubeti wa pili unaonekana kujibu:

Mikono ilitetema, kikombe kikamwagika,
Usiku ulisimama, macho hayakufumbika,
Wauguzi wakapima, joto lililokushika,
Leo tu tumeamka, kesho haijawa yetu.

Ubeti huu ni sahihi kwa namna ambayo mashairi ya kukemea pombe huwa nadra kuwa. Mtu aliyekunywa pombe kwa wingi kila siku kwa muda mrefu akiacha ghafla, mitetemo, jasho na kukosa usingizi huanza ndani ya saa 6 hadi 24. Degedege huweza kumpata hasa ndani ya saa 48 za kwanza. Kuchanganyikiwa kukali, pamoja na homa na kuona visivyokuwapo, huja kwa baadhi yao kati ya siku ya pili na ya nne, na huweza kuua. Mtunzi hakutaja lolote la kitabibu, lakini mpangilio wake, kikombe, usiku, kisha homa, unafuata mwendo huo. Zaidi ya hayo, amemweka kaka yake mbele ya wauguzi. Katika hadhira ambamo huenda yupo anayepanga kuacha peke yake nyumbani, mahali pa ubeti huu ni jambo la usalama kabla ya kuwa jambo la sanaa.

Kitenzi "ulisimama" kinastahili kuangaliwa. Wakati katika shairi hili huenda kwa hesabu, na huu ndio usiku pekee usiohesabika kwa kuwa hauendi. Ubeti wa tatu unaeleza wiki zilizofuata, mtungiwa akirudi shambani na kuhudhuria kundi. Hadi hapo hadhira inaamini kwamba mwaka unaosherehekewa ulianzia wodini.

3.2 Mshororo uliopungua

Ubeti wa nne unaivunja imani hiyo:

Alizeti tulivuna, magunia yakajaa,
Siku sabini za jana, jioni zikapotea,
Kilabu kikakuona, ukaingia.
Leo tu tumeamka, kesho haijawa yetu.

Alizeti ni zao kubwa la biashara mkoani Singida. Hupandwa mvua zikishaanza, aghalabu Desemba na Januari, na kuvunwa kuanzia mwezi Mei. Kwa mkulima, mavuno ndiyo majira ambayo fedha ya mwaka mzima humfikia mkononi ndani ya siku chache. Kwa mraibu wa pombe, ndiyo majira ya hatari kuliko yote. Mtunzi hakulieleza hilo. Ameweka magunia yaliyojaa katika mshororo wa kwanza na kilabu katika wa tatu, akaiacha hadhira ya wakulima iunganishe yenyewe.

Mshororo wa tatu una mizani nane katika ukwapi, ki-la-bu-ki-ka-ku-o-na, na mitano tu katika utao, u-ka-i-ngi-a. Mizani mitatu haipo. Kwa kanuni za kimapokeo ubeti huu ni guni. Je, ni udhaifu wa mtunzi? Ushahidi wa ndani unakataa. Kwanza, vina vimetunzwa: "ukaingia" inalingana na "yakajaa" na "zikapotea". Mtunzi aliyeshindwa na umbo kwa kawaida hupoteza vyote viwili, au huuokoa mmoja kwa kuuharibu mwingine. Pili, kijazio kilikuwa karibu mno. Kwa kuandika "na ndani ukaingia" mizani ingetimia, kina kingebaki, na maana isingebadilika. Mtu aliyetunga mishororo mingine 31 bila kukosea hawezi kudhaniwa kuwa hakukiona. Kwa hiyo upungufu huu unapaswa kusomwa kama uamuzi.

Kinachofanywa na uamuzi huo kinaonekana vizuri zaidi katika usomaji wa hadharani. Sikio lililozoea mapigo nane kwa nane hungoja matatu yasiyokuja. Wakati wa usomaji, msomaji alinyamaza hapo, na kundi, ambalo katika beti zilizotangulia lilikwishazoea kukipokea kiitikio mara moja, halikujua liingie lini. Kimya hicho hakikuwa pambo. Kilikuwa nafasi ambayo kila aliyewahi kurudia kunywa aliweza kuijaza kwa jambo lake mwenyewe. Kisha kiitikio kilekile, kamili na bila mabadiliko, kikatamkwa.

Sarufi ya mshororo huo nayo ina uzito wa kimaadili. Katika ukwapi mtendaji ni kilabu: kimemwona. Katika utao mtendaji ni yeye: ameingia. Mhakiki anaweza kulalamika kwamba kukipa kilabu macho ni kumpunguzia mtu wajibu wake. Lakini nusu ya pili haina kilabu, haina marafiki wala shetani, ila kitenzi kimoja chenye nafsi moja. Ukubwa wa kishawishi umekubaliwa, na wajibu haukuondolewa. Kwa mizani 13 mtunzi amesema yale ambayo mahubiri marefu ya pande zote mbili huyatenganisha.

Matokeo ya ubeti huu kwa shairi zima ni kwamba mwaka unaosherehekewa si ule uliodhaniwa. Ulianza baada ya kuanguka, wala si wodini. Kichwa "Mwaka wa Kwanza" kinapata maana mpya: ni wa kwanza uliotimia, baada ya mwingine uliokufa ukiwa na siku 70. Na kwa kuwa ulianza majira ya mavuno, umetimia majira ya mavuno. Shairi lilisomwa katika wiki zilezile ambazo magunia yalikuwa yakijaa tena. Ubeti wa sita unapita katika mvua na kupanda. Wa saba unamfikisha kaka kwenye njia ileile inayopita kilabuni, akiwa na fedha ileile, na unamwacha akipita. Sherehe yenyewe imefanyika ndani ya hatari.

3.3 Hesabu na aibu

Kuhesabu siku humsaidia anayeendelea na humuumiza aliyeanguka. Aliyefika siku ya 300 ana kitu cha kulinda. Akinywa, huiona hasara kuwa siku zote 300, na mara nyingi aibu hiyo ndiyo humzuia kurudi kundini kuliko pombe yenyewe. Shairi la kusifu mwaka mzima, likisomwa mbele ya watu walio siku ya pili au walioanguka wiki iliyopita, linaweza kuwafukuza bila kukusudia. Hapa ndipo lililo hatarini katika shairi hili lilipo, na ubeti wa tano unalikabili moja kwa moja:

Ulirudi taratibu, ukaketi nyuma kule,
Hukuulizwa sababu, wala siku zako zile,
Moja ikawa hesabu, yetu sote vilevile,
Leo tu tumeamka, kesho haijawa yetu.

"Moja" ni siku ya kwanza ya kuhesabu upya. Utao wa mshororo huo unasema kwamba moja hiyo ni ya wote. Mwenye miaka mitano na mwenye siku moja wana kiasi kilekile mkononi, yaani siku ya leo. Shairi haliikatai hesabu, kwa kuwa lingekataa sababu ya kusomwa kwake; linaiondolea ngazi. Hapo ndipo sitiari ya shimo ya ubeti wa kwanza inapoonekana kuwa kasoro ya kweli. Shimo lina chini na juu, na aliye juu humtazama aliye chini. Ubeti wa tano hauna chini wala juu, una nyuma na mbele ya mkeka mmoja. Mtunzi alianza na picha aliyoikuta tayari katika lugha, kisha mawazo yake yakaipita, naye hakurudi kuibadilisha.

3.4 Kiitikio kama kauli ya wote

Kiitikio kina maneno sita tu, nayo yamechaguliwa kwa uangalifu. Kitenzi "tumeamka" kimebeba hali timilifu -me-: jambo limetokea na matokeo yake yapo sasa. Kitenzi "haijawa" kimebeba -ja- ya ukanushi: jambo halijatokea bado, wala mlango wake haujafungwa. Kama mtunzi angeandika "kesho haitakuwa yetu" angekata tamaa, na kama angeandika "kesho itakuwa yetu" angeahidi asichokuwa nacho. Lugha ya Kiswahili ina umbo mahususi la jambo lisilokuwa bado, na shairi zima limekalia umbo hilo.

Sauti nayo inachangia. "Tu" ya kwanza ni ya mpaka, leo pekee. "Tu" inayofuata ni nafsi, sisi. Zinapotamkwa kwa pamoja na watu wengi, sikio haliwezi kuzitenganisha vema, na mpaka wa siku unageuka kuwa kundi.

Lakini sifa kuu ya kiitikio ni ukweli wake kwa kila anayekitamka. Kiitikio kama "Mwaka tumeutimiza", ambacho kingetimiza mizani nane bila taabu, kingekuwa kweli kwa mtu mmoja na uongo kwa wengi waliokuwapo. "Leo tu tumeamka" ni kweli kwa aliyetimiza mwaka, kwa aliyeanguka juzi, kwa dada ambaye hajawahi kunywa, na hata kwa aliyefika akiwa amekunywa asubuhi hiyo. Hakuna aliyelazimika kunyamaza wala kujisingizia. Katika kundi ambalo dawa yake pekee ni neno la kweli, kiitikio kinachowalazimisha baadhi kusema uongo kingekuwa kinyume cha kusudi la mkutano.

3.5 Kukataa mawaidha na kukataa tamati

Ushairi wa kuonya una mizizi mirefu katika Kiswahili, na ukanda wa kati wa Tanzania una sehemu yake mahususi. Mathias Mnyampala (1917–1969), mzaliwa wa Dodoma, mkoa jirani na Singida, ndiye aliyeieneza ngonjera kama mabishano ya kishairi ya jukwaani, ambamo asiyejua hufunzwa na anayejua hadi wakubaliane. Hadhira yoyote ya shule na mikutano ya hadhara huitambua njia hiyo, na ulevi ni mada inayoingia humo kwa urahisi. "Mwaka wa Kwanza" halikuifuata. Katika beti zote nane hakuna agizo la kuacha pombe. Maagizo yaliyomo ni matatu tu: kaa, aketi, apanguse. Mawili ya mwisho yamo katika ubeti wa kufungia:

Sisemi hapa tamati, shairi halina mwisho,
Sina jina sina cheti, wala hili si onyesho,
Aliye mpya aketi, apanguse lake jasho,
Leo tu tumeamka, kesho haijawa yetu.

Desturi ya kimapokeo huutaka ubeti wa mwisho utangaze kikomo, na mara nyingi umtaje mtunzi na mahali atokako. Mtunzi anaijua desturi hiyo, kwa kuwa anaitaja ili aikatae: tamati haisemwi, jina halitolewi. Kukataa jina kunatii kanuni ya kundi. Kukataa tamati kunatii hali ya ugonjwa, ambao hauna siku ambayo mtu hutangazwa kuwa amemaliza kupona. Kanuni ya ushairi na kanuni ya kundi zimegongana, na mtunzi amezipatanisha kwa kubaki na ubeti wa kufungia huku akiubadilishia kazi.

Hapo pia mtungiwa anaondoka katikati ya shairi. Ubeti wa kwanza ulimwita "kaka yangu". Wa mwisho unamtazama "aliye mpya", mtu ambaye huenda bado ana jasho na mtetemo wa ubeti wa pili. Kiti alichokaribishiwa kaka mkekani sasa kinatolewa kwa mwingine. Linaweza kuulizwa kama kaka hakudhulumiwa sherehe yake. Jibu linategemea sherehe hiyo ni nini. Katika desturi ya makundi haya, mwaka mmoja ndio wakati mtu anapoanza kutarajiwa kumpokea anayefuata. Kumwondoa katikati ndiko kumtambua.

4.0 Mipaka ya shairi

Shairi lina mapengo. Dada ndiye anayesema, lakini gharama aliyoilipa yeye na kaya haionekani popote. "Tulivuna" ndilo neno pekee linalokumbusha kwamba fedha iliyokwenda kilabuni ilikuwa ya zaidi ya mtu mmoja. Kilabu nacho kimebaki jicho tu. Vijijini, pombe ya kienyeji mara nyingi hupikwa na wanawake wanaotafuta ada ya shule na chakula, na huenda baadhi ya waliosikiliza wana ndugu waishio kwa kazi hiyo. Shairi halikuligusa hilo. Inawezekana kukaa kimya juu ya mambo hayo kulikuwa sharti la shairi kusomwa siku ile bila kumfungulia mtu mashtaka. Hata hivyo, kimya hiki hakikupewa umbo, tofauti na kile cha mizani mitatu.

5.0 Hitimisho

Uchambuzi umeonesha kwamba "Mwaka wa Kwanza" linatumia kanuni za arudhi kwa kuzitii na kwa kuzivunja mahali pamoja palipopimwa. Upungufu wa mizani katika ubeti wa nne hauwezi kuelezwa kwa kuhesabu silabi pekee, wala kwa kudai kwamba mizani haina maana. Una maana kwa sababu mizani ilitunzwa kwingine kote. Vivyo hivyo, kukataa tamati kuna nguvu kwa sababu hadhira iliitarajia. Mhakiki anayeyasoma mashairi ya matukio ya namna hii kwa karatasi tu ataandika "guni" pembeni mwa mshororo wa kumi na tano na kuendelea. Aliyesikiliza atakuwa amesikia pia kundi likingoja, kisha likisema kwamba limeamka.